Nyumba Isiyo Yako, na Fedha Ilipwayo na Bima



Mtu ashukaye kutoka katika mashamba ya majani ya chai ya Kericho kuelekea nchi tambarare ya Nyando huona mambo yakibadilika njiani. Baridi hupungua, chai hukoma, na mahali pake huja mahindi na miwa. Hiyo ndiyo Soin, na jina lenyewe katika lugha ya Wakipsigis hutaja nchi ya chini yenye joto. Kando ya barabara ziko nyumba za maduka, nyingi zimeezekwa mabati. Wenye maduka hayo wana hofu mbili wasizozificha: moto wa miwa ukivuka mpaka siku ya upepo, na lori likikatika breki mteremkoni.

Kwa sababu ya hofu hizo, wengi siku hizi huwaendea mawakala wa bima. Na hapo huanza mashaka, kwa maana bima ina kanuni mbili ambazo mtu asiyeelezwa huziona kama hila. Ya kwanza yasema kwamba hakuna awezaye kuiwekea bima nyumba isiyomhusu. Ya pili yasema kwamba kampuni ikiisha kulipa hasara, yaweza kusimama mahali pa mwenye nyumba na kumdai yule aliyeleta hasara hiyo. Mazungumzo haya yahusu kanuni hizo mbili tu.

Tuanze na ya kwanza. Fikirini mfanyabiashara mmoja wa mahindi. Karibu na ghala yake kuna nyumba kuukuu ya mzee mmoja, imeezekwa nyasi, na jiko lake li ndani. Kila mtu hutazama paa lile na kusema kwamba halitapita kiangazi. Basi mfanyabiashara huyu amwendea wakala, asema ataka kuiwekea bima nyumba ile, na ada ataitoa yeye mwenyewe mfukoni mwake.

Wakala amwuliza, “Bwana, nyumba ile ikiungua, wewe utapoteza nini?”

Mfanyabiashara ajibu, “Mimi? Sitapoteza kitu. Lakini itaungua, hilo nalijua.”

Wakala afunga kitabu chake. Si kwamba hapendi ada. Neno lile, “sitapoteza kitu,” limekwisha kuua mkataba kabla haujazaliwa. Bima ya nyumba ni ahadi ya kumrudishia mtu kile alichopoteza. Asiyepoteza hana cha kurudishiwa. Akilipwa, malipo yale si fidia bali ni faida, na faida itokayo katika moto wa nyumba ya mwingine ni kamari. Tena ni kamari mbaya kuliko ile ya karata, kwa sababu mchezaji anaweza kuusaidia ushindi wake kwa kijiti kimoja cha kiberiti. Mzee wa nyumba ya nyasi hangelala tena usingizi mzuri, akijua kwamba jirani yake atapata fedha siku atakapokosa mahali pa kulala.

Hofu hii haikubuniwa na waandishi wa sheria wakiwa wamekaa bure. Katika Uingereza ya karne ya 18 watu walikuwa wakinunua bima juu ya maisha ya watu wasiowajua, hasa wakubwa waliosikiwa kwamba wanaugua, na juu ya meli wasizokuwa na shehena ndani yake. Bunge la huko likapiga marufuku bima ya namna hiyo, kwanza kwa meli, kisha mwaka 1774 kwa maisha ya watu na mambo mengine. Kenya nayo hufuata kanuni hizo. Sheria ya Mahakama ya mwaka 1967 yasema kwamba sheria za kawaida za Uingereza, pamoja na zile za jumla zilizokuwa zikitumika huko tarehe 12 Agosti, 1897, zitatumika katika nchi hii kwa kadiri hali ya wenyeji inavyoruhusu na pale ambapo sheria zetu hazikunena vingine. Ndiyo maana hukumu za zamani za London husomwa hata leo katika mahakama ya Kericho.

Wafasiri wamehangaika kulipatia jambo hili jina la Kiswahili. Wengine husema “maslahi ya bima,” nalo si baya, ingawa neno “maslahi” humfanya msikilizaji afikiri juu ya faida, na jambo lenyewe li kinyume cha faida. Ni afadhali kushika swali la wakala: kikiharibika, utapoteza nini? Mwenye jibu la fedha, na jibu hilo latoka katika haki au wajibu unaotambuliwa na sheria, ana haki ya kukiwekea bima. Mwenye jibu la huzuni tu hana.

Kwa swali hilo mtu aweza kupima watu wengi. Mwenye nyumba apoteza nyumba. Mpangaji wa duka hapotezi kuta, maana si zake, lakini apoteza bidhaa zake. Na kama mkataba wake wa kupanga wamlazimisha kurudisha jengo likiwa zima, apoteza hicho pia. Benki iliyokopesha kwa rehani ya shamba na nyumba yapoteza ulinzi wa deni lake, basi yaweza kuwekewa bima kwa kiasi cha deni lililobaki. Hivyo nyumba moja yaweza kuwa na watu watatu wenye haki ya bima kwa wakati mmoja, na hakuna anayemwibia mwenziwe, kwa kuwa kila mmoja atalipwa hasara yake tu na si zaidi.

Liko jambo moja la nchi hii ambalo lapasa kutajwa polepole. Katika mashamba mengi ya Kericho na Bomet hati ya ardhi ingali katika jina la babu aliyefariki zamani, na wajukuu wamejenga kila mmoja pembeni mwake. Je, kijana aliyejenga nyumba ya matofali kwa fedha yake juu ya ardhi ambayo hati haimtaji, ana haki ya kuiwekea bima? Anayo, kwa sababu aikaa, aimiliki kwa mkono wake, na ikiungua ni yeye atakayepoteza. Lakini na aiambie kampuni kwa maandishi jinsi anavyoikaa. Shida haiji kwa kukosa hati. Yaja pale kijana alipojaza karatasi kwa haraka na kuandika kwamba ardhi ni yake, kisha mkadiriaji wa hasara akaenda kutazama daftari la ardhi akakuta jina la babu. Hapo kampuni haiulizi tena kama nyumba iliungua; yauliza kwa nini iliambiwa uongo.

Na watu wa juu, kwenye chai, wana mtego wao. Wakulima wadogo wa Kericho na Bomet ni wenye hisa katika makampuni ya viwanda vinavyopokea majani yao chini ya KTDA. Mkulima husema, “kiwanda chetu,” na ana haki ya kusema hivyo mkutanoni. Lakini asidhani kwamba neno hilo lamtosha wakala wa bima.

Katika nchi ya Ailandi ya Kaskazini alikuwako mtu aitwaye Macaura, mwenye shamba la miti. Aliiuza miti yake kwa kampuni ambayo hisa zake zote zilikuwa mikononi mwake na mwa wateule wake, na kampuni hiyo ilikuwa na deni kwake. Kisha akaiwekea bima ile miti, si kwa jina la kampuni bali kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1922 moto ukaiteketeza karibu yote. Makampuni ya bima yalikataa kulipa, na mwaka 1925 mahakama kuu kupita zote huko, iliyokuwa katika Baraza la Malodi, iliwaunga mkono. Walisema kwamba kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria. Miti ilikuwa mali ya mtu yule mwingine. Macaura alikuwa na hisa na deni, na hivyo haviungui. Mtu aliyemiliki kampuni nzima alihesabiwa kuwa mgeni kwa miti iliyoota mbele ya nyumba yake. Basi mkulima mwenye hisa chache atafanyaje juu ya jengo la kiwanda? Bima ya kiwanda huwekwa na kampuni ya kiwanda yenyewe, na mkulima awekee yaliyo yake: nyumba, ng’ombe na miche iliyo shambani mwake. Hukumu hiyo ni kali, na wanasheria wengi wameilalamikia tangu siku ile. Wakanada waliiacha mwaka 1987, lakini kwa Mwingereza na kwa wale wafuatao sheria yake ingali na nguvu.

Tumefika sasa kwenye kanuni ya pili, na daraja la kutoka ya kwanza kwenda ya pili ni kisa kimoja cha mji wa Liverpool.

Mwezi wa Julai 1878, watu wa jamaa ya Preston walikubaliana kuuza majengo yao kwa pauni 3,100. Mkataba ulitiwa sahihi, lakini kukabidhiana na kulipana kuliachwa mpaka baadaye, kama iwavyo hata hapa mtu auzapo kiwanja. Katika Agosti, kabla ya kukabidhiana, moto ulitokea na kuharibu sehemu ya majengo. Wauzaji walikuwa na bima. Kampuni, bila kujua habari za mauzo, ikawalipa pauni 330. Kisha siku ya kukabidhiana ilipofika, wanunuzi, kwa kuwa walifungwa na mkataba wao, walilipa bei yote pauni 3,100 pasipo kupunguza hata senti moja.

Tazameni sasa. Wauzaji wamepata bei kamili ya jengo zima, na juu yake pauni 330 za moto. Wanunuzi wamelipa bei kamili kwa jengo lililoungua. Ni nani mwenye haki na zile pauni 330?

Wanunuzi ndio waliokwenda mahakamani kwanza, wakashindwa mwaka 1881. Mahakama ya Rufani ilisema kwamba bima haifuati nyumba kama kivuli. Ni mkataba baina ya kampuni na mtu fulani, na wanunuzi hawakuwa watu wa mkataba ule. Neno hilo lawagusa wote wanunuao nyumba Soin au penginepo. Bima ya muuzaji haimwokoi mnunuzi, hata kama ada ya mwaka imekwisha kulipwa na tarehe ingali mbele. Anunuaye awe na bima yake tangu siku atiapo sahihi mkataba unaomfunga, kwani tangu siku hiyo ana cha kupoteza.

Ndipo kampuni ya bima nayo ikainuka, ikawashtaki wauzaji irudishiwe fedha yake. Mwaka 1883 mahakama ile ile iliamua kwamba kampuni yapata pauni 330. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleza. Bima ya moto ni ahadi ya kufidia, si zaidi. Wauzaji walipolipwa bei kamili, ikaonekana kwamba moto haukuwapotezea kitu mwishoni. Kila haki waliyokuwa nayo ya kuipunguza hasara yao, pamoja na haki ya kudai bei, kampuni ilikuwa imeirithi kwa kulipa. Walichopokea kupita hasara yao hakikuwa chao kukiweka. Kanuni ya kwanza humzuia mgeni asipate faida kwa moto. Kanuni hii ya pili humzuia hata mwenye nyumba.

Kushika nafasi ya mwenye bima, basi, ndilo jina lifaalo. Kampuni haipati haki mpya. Hupanda katika viatu vya mwenye bima na kwenda pale ambapo viatu vile vingeweza kwenda. Kama mwenye bima hakuwa na mtu wa kumshtaki, kampuni nayo haina. Mvua ya mawe, ambayo nchi ya Kericho inajulikana kwayo, haina mwenyewe wa kuitwa mahakamani, wala radi. Na katika bima ya maisha kanuni hii haimo kabisa, kwa sababu uhai hauna bei ya kufidia, na mjane aliyelipwa na bima ya maisha aweza kulipwa pia na yule aliyemwua mumewe kwa uzembe.

Sasa tuchukue mfano wa hapa, na hesabu zake ziwe ndogo ili kila mtu azifuate.

Tuseme mwenye duka mmoja ana jengo lake kando ya barabara, nalo lina bima ya moto na ya kugongwa na magari. Siku moja lori lililojaa miwa lakatika breki, laacha barabara na kuvunja ukuta wa mbele na nusu ya paa. Hakuna aliyeumia. Mkadiriaji aja, apima, aandika kwamba kurudisha jengo kutagharimu shilingi 600,000. Mkataba wa bima wasema kwamba katika kila hasara mwenye duka atabeba mwenyewe sehemu moja ya kumi. Basi kampuni yamlipa shilingi 540,000, na 60,000 zabaki juu yake. Mwenye duka atia sahihi karatasi ya kupokea, ambayo ndani yake yaandikwa kwamba kampuni yashika nafasi yake kwa madai yote juu ya ajali hii. Wengi hutia sahihi karatasi hiyo bila kuisoma.

Kampuni yafanya nini? Kwanza yaomba ile karatasi ya polisi iitwayo abstrakti, yenye namba ya lori na jina la dereva. Kwa namba hiyo yatafuta jina la mwenye lori katika kumbukumbu za NTSA, kwa sababu dereva mara nyingi hana mali, na mwajiri wake huwajibika kwa uzembe wa dereva aliyekuwa kazini. Kisha wakili wa kampuni aandika barua ya madai. Wengine hudhani kwamba bima ya lori lazima italipa. Si hivyo siku zote. Bima ambayo Sheria ya Kenya, Sura ya 405, yamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo ni ya kifo na majeraha ya watu wengine. Haitaji kuta wala mabati. Hati nyingi huongeza mali ya watu wengine kwa kiasi fulani, lakini hilo latoka katika mkataba wa mwenye lori, na huenda likapatikana au lisipatikane. Kwa hiyo anayeshtakiwa kwa ajili ya ukuta ni mwenye lori mwenyewe.

Mwenye lori hujibu jibu ambalo kila wakili wa bima amelisikia: “Mbona mwanidai? Mwenye duka amekwisha lipwa na bima. Hasara iko wapi?” Jibu hilo lavutia sikio, lakini lilikataliwa zamani sana, katika shauri moja la meli zilizogongana, mwaka 1838. Ada ya bima ilitoka mfukoni mwa mwenye duka mwaka baada ya mwaka. Aliinunua kwa ajili yake, hakuinunua kwa ajili ya mwenye lori asiyemjua. Mkosaji hapunguziwi deni kwa sababu aliyemkosea alikuwa mtu mwangalifu.

Shauri lafunguliwa, na hapa ndipo mwenye duka hushtuka. Apata habari kwamba kuna kesi mahakamani Kericho, na mdai ni yeye! Jina la kampuni ya bima halionekani popote. Huja mbio kwa wakala akiwa na hasira, akisema kwamba jina lake limetumiwa bila ruhusa. Lakini ndivyo kanuni itakavyo. Kwa kuwa kampuni haina haki yake yenyewe bali yashika nafasi, yapaswa kushtaki kwa jina la yule ambaye haki ni yake. Na mashauri yaliyoletwa na makampuni kwa majina yao wenyewe, bila mwenye haki kuwakabidhi haki ile kwa hati maalumu, yamepata kutupwa nje. Mwenye duka alikwisha kubali jambo hilo katika ile karatasi aliyotia sahihi. Gharama za wakili zi juu ya kampuni. Wajibu wake ni kufika kutoa ushahidi, na kuonyesha picha na risiti.

Lipo jambo la wakati pia. Katika Kenya, dai la uzembe lapaswa kufunguliwa kabla ya miaka 3 kupita tangu siku ya ajali. Miaka hiyo haihesabiwi tangu kampuni ilipolipa. Kama mwenye bima amekawia kuleta karatasi zake na malipo yamefanyika mwaka wa tatu, kampuni yaingia katika viatu vilivyokwisha chakaa. Na ikiwa ukawiaji ule ulikuwa kosa lake, ataulizwa.

Lakini linaloharibu madai mengi kuliko ukawiaji ni wema. Nchi hii ina desturi njema ya kupatana. Lori likivunja duka, siku ya tatu mwenye lori huja na wazee, hukaa chini ya mti, husema maneno ya upole. “Mzee wangu,” asema, “breki ilinitupa. Pokea shilingi 50,000 hizi tuyamalize.” Mwenye duka, akijua kwamba bima italipa jengo, aona kwamba hizi ni za pole. Azipokea, na karani aliyekuja na mwenye lori atoa karatasi iliyoandikwa kwamba jambo limekwisha na hakuna dai lolote litakalofuata. Wote watia sahihi na kuagana kwa amani.

Karatasi hiyo imekata miguu. Haki ya kumdai mwenye lori ilikuwa ya mwenye duka, naye ameifuta kwa mkono wake. Kampuni ikija kushika nafasi, itakuta nafasi haina kitu. Kama kampuni ilikuwa bado haijalipa, yaweza kukataa au kupunguza malipo. Kama ilikuwa imekwisha lipa, yaweza kumgeukia mwenye duka mwenyewe, imdai kile ambacho ingalikipata kwa mwenye lori. Basi kwa shilingi 50,000 huenda akarudisha 540,000. Wala hakuna anayesema kwamba wazee wasipatanishe. Mwenye duka na awaambie tangu mwanzo kwamba jengo lina bima, aiarifu kampuni kabla ya kupokea kitu, na asitie sahihi maneno ya “hakuna dai lolote.” Kampuni ikikubali mapatano, hata yale ya kulipa kidogo kidogo, ni heri, maana makampuni mengi hupenda fedha ya polepole kuliko kesi ya miaka. Na fedha yoyote aliyopokea aitaje. Akiificha na ikajulikana, itahesabiwa juu yake.

Turudi kwenye shauri letu, tuseme mwenye duka hakutia sahihi karatasi ile. Mahakama yaamua kwamba mwenye lori alipe shilingi 600,000 zote. Lakini hukumu si fedha. Mwenye lori alipa 400,000 kwa mara ya kwanza. Je, mwenye duka achukue zake 60,000 kwanza, kwa kuwa ndiye aliyeumia? Wengi wangesema ndiyo. Katika shauri lililoamuliwa mwaka 1993, Malodi wa Uingereza walisema sivyo. Mtu aliyekubali katika mkataba kubeba sehemu ya kwanza ya kila hasara alikubali kuwa wa mwisho kurudishiwa sehemu ile. Ndiyo sababu ada yake ilikuwa ndogo. Basi 400,000 zote zaenda kwa kampuni, isipokuwa hati ya bima imesema vingine, na mtu ana haki ya kulitafuta neno hilo katika hati yake.

Na kampuni nayo ina kikomo chake. Mwaka 1945 meli moja ya Kiingereza iligongana na meli ya kivita ya Kanada ikazama, na bima ikawalipa wenye meli pauni 72,000. Kesi juu ya Serikali ya Kanada ilichukua miaka mingi. Katikati, mwaka 1949, pauni ilishushwa thamani, hata dola za Kanada zilipolipwa na kubadilishwa zikawa karibu pauni 127,000. Kampuni ya bima ikazitaka zote, ikisema kwamba imeshika nafasi yote. Mahakama ya London, katika hukumu iliyochapishwa mwaka 1962, ilikataa. Kampuni yapata ile ile 72,000 iliyotoa. Ziada ni ya wenye meli. Kushika nafasi ni kwa ajili ya kurudishiwa, na kampuni haikuruhusiwa kupata faida kwa ajali, kama vile mfanyabiashara wa mahindi hakuruhusiwa kupata faida kwa paa la nyasi la mzee.

Mwenye lori wetu wa Soin alipa tena 140,000 kwa mafungu, na kampuni yawa imepata 540,000 zake. Mafungu yaliyosalia, shilingi 60,000, si ya kampuni tena. Wakili hupaswa kuyapeleka kwa mwenye duka, na mwenye duka afanya vema kuandika barua kila baada ya miezi michache kuuliza yamefika wapi, kwa sababu katika ofisi yenye mafaili mengi, fungu la mwisho la mtu mdogo ndilo husahauliwa upesi.